Zambarau Inayodanganya

Maji yanayotoka kwenye mapipa ya kulainishia na kuhifadhi ngozi huwa na rangi ya bluu ya kijani, na mgeni wa kazi hii hudhani hiyo ndiyo sumu yenyewe. Sivyo. Hiyo ni kromu ya valensi 3, inayofanya ngozi isioze. Inayowindwa ni kromu ya valensi 6, ile inayohusishwa na saratani. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilitaka isizidi miligramu 0.05 kwa lita ya maji yanayomwagwa.

Hushikwa kwa difenilkarbazaidi iliyoyeyushwa katika asetoni. Sampuli hutiwa asidi ya sulfuriki, kisha dawa hiyo. Baada ya dakika 5 hadi 10 maji huwa ya zambarau, nayo mashine hupima mwanga uliomezwa kwenye wimbi la nanomita 540.

Lakini mashine haitofautishi mwanga uliomezwa na rangi na ule uliozuiwa na tope. Kwa hiyo sampuli huchujwa kwanza kwa kichujio cha mikromita 0.45, kabla ya asidi. Hapo wengi huridhika mapema. Protini zilizoyeyuka kwenye chokaa hupita kichujio bila kuonekana, kisha asidi ikiingia zinaganda kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu, na maji yaliyokuwa angavu yanafifia mbele ya macho yako. Dawa yake ni kuandaa chupa mbili za sampuli ileile, zote zenye asidi: moja inatiwa difenilkarbazaidi, nyingine asetoni tupu.

Tuseme ya kwanza inasoma 0.139 na ya pili 0.062. Tofauti ni 0.077, na katika kikombe cha sentimita 1 hiyo ni takriban miligramu 0.1 kwa lita. Bila chupa ya pili tungeripoti karibu 0.18.

Bado siiamini hiyo 0.1. Katika sehemu nyingine ya sampuli naongeza miligramu 0.2 za kromu 6 kwa lita, ambazo zingepaswa kupandisha usomaji kwa 0.154. Unapanda kwa 0.05 tu! Theluthi mbili zimepotea. Mwizi mara nyingi ni salfaidi kutoka mapipa ya kunyonyolea manywele: ndani ya asidi huigeuza kromu 6 kuwa kromu 3 kabla dawa haijaifikia. Tope linaongeza hesabu, salfaidi inaipunguza, na namba inaweza kuonekana nzuri kwa bahati tu.

Protini zinaweza kutupwa mapema kwa salfati ya alumini, ile ya kutuliza maji ya bomba, pH ikishikiliwa kati ya 7.5 na 8. Zinazama pamoja na kromu 3, kromu 6 inabaki majini. Kwa salfaidi, sampuli huzimuliwa mara nne na jaribio la nyongeza hurudiwa, safari hii kwa kikombe cha sentimita 5 ili rangi hafifu isomeke. Nyongeza isiporudi hata hapo, ripoti huandikwa kwamba kipimo hakikuthibitika, wala si kwamba kromu 6 haikuonekana.