Usafishaji wa data
Usafishaji wa data ni kazi ya kutafuta na kurekebisha makosa katika data za utafiti kabla ya kuzichanganua. Mara nyingi mwanafunzi au mhadhiri humpa msaidizi wa utafiti kazi hiyo.

Kosa moja la kawaida hutokana na namba za msimbo. Katika hojaji nyingi 99 huandikwa pale mhojiwa asipojibu. Tuseme kaya 20 zimeulizwa idadi ya watoto: kaya 19 zina watoto 76 kwa jumla, na moja haikujibu. Wastani sahihi ni 76 ÷ 19, yaani watoto 4. Kompyuta isiyoelezwa maana ya 99 itagawa 175 kwa 20 na kutoa 8.75. Kosa hilo hugunduliwa upesi kwa kutazama namba ndogo na kubwa kabisa katika kila safu.

Msaidizi hutumia nakala, faili la awali likibaki lilivyo, na huandika kila badiliko pamoja na sababu yake. Akikuta watoto 44 hurudi kwenye hojaji ya karatasi. Ikisema 4, hurekebisha. Ikisema 44 vilevile, na kaya haiwezi kuulizwa tena, jibu huhesabiwa kuwa halipo, kwani kuandika 4 kwa kukisia ni kutunga data. Lakini kaya yenye watoto 12 inawezekana kabisa. Kuifuta kwa kuwa inavuruga matokeo yaliyotarajiwa ni udanganyifu, hata ukiitwa usafishaji.

Kwa kawaida msaada wa namna hii hukubalika ukitajwa katika tasnifu, na mwanafunzi akiweza kueleza kila badiliko mbele ya watahini. Kuandikiwa sura ya matokeo hakumo katika msaada huo.