Kwa nini matuta ya Uluguru yalikwama mwaka 1955?

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilizindua mpango mkubwa wa kuhifadhi udongo kwenye Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Uliitwa ULUS kwa kifupi. Wakulima walitakiwa kuchimba matuta ya ngazi ili mvua isiendelee kuosha udongo kwenda mtoni. Miaka mitano baadaye vurugu zililipuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Lawama zingeweza kwenda kwa bwana shamba, chifu au mkulima "mbishi". Lakini ukiangalia vizuri, tatizo lilikuwa kwenye mpango wenyewe.

Anza na udongo. Ili upate tuta bapa kwenye mteremko, unakata upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini. Chukua mteremko unaopanda mita 1 kila mita 2. Tuta la upana wa mita 2 litakulazimu kukata nusu mita kwa ndani. Udongo mweusi wenye rutuba mara nyingi hauna kina hicho, kwa hiyo unaobaki juu ni ule mwekundu wa chini.

Dalili yake huonekana shambani: mahindi ya upande wa ndani yanakuwa mafupi na ya njano, ya ukingoni yanastawi. Mbolea ya samadi ingesaidia, ila upande wa Matombo mifugo ilikuwa michache. Kumbe mkulima anachimba sana na kuvuna kidogo kuliko jirani asiyechimba.

Sababu ya pili ni amri. Kuchimba hakukuwa hiari, na aliyekataa alitozwa faini. Kazi hiyo nzito ilikula muda wa shamba.

Ya tatu ni ardhi. Kwa Waluguru, ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Wengi waliogopa kwamba matuta ni mlango wa serikali kuwanyang'anya mashamba.

Upande wa pili wa milima, Mgeta, mambo yalikuwa tofauti. Huko watu walilima mboga za kuuza, na mboga zililipa gharama ya mbolea na jasho. Pia Waluguru walikuwa na njia yao ya zamani: kulaza nyasi kwa mistari kukata mteremko, kisha kuzifukia kwa udongo. Nyasi zikioza, zinarudisha rutuba.

Kwa hiyo tuta lenyewe halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kupeleka kipimo kimoja milima yote kabla ya kulinganisha mavuno ya shamba lenye matuta na lisilo nayo. Msimu mmoja wa mahindi pale Matombo ungeonyesha tofauti, na udongo wa juu ungewekwa kando kwanza, kisha ukarudishwa juu ya tuta.