Kalemie: «Andika tu, anajua deni lake», barua ya kudai kodi inapoombwa bila jina wala kiasi

Mama mmoja mwenye nyumba mjini Kalemie alifika kwa mzee anayeandikia watu barua na ombi fupi: barua kali ya kudai kodi. Jina la mpangaji hakulitaja, wala kiasi, wala miezi. «Andika tu, Papa, yeye mwenyewe anajua deni lake», alisema.

Mzee aliweka kalamu chini, akaanza kuuliza.

Kwanza, nani alisaini mukataba? Ikaonekana ni mwalimu mmoja aliyehama, akamwachia mdogo wake nyumba. Barua ikiandikwa kwa huyo mdogo, atajibu kwamba yeye hakukodi kitu. Ikabidi iandikwe kwa mwalimu.

Kiasi nacho kilikuwa na shida. Kodi ni dola 60 kwa mwezi, na Mama alihesabu Aprili hadi Julai: miezi 4, dola 240. Lakini ndani ya daftari lake mlikuwa na dola 40 alizopokea mwezi wa Mei na kuzisahau. Deni la kweli ni dola 200. Kama angedai 240, mpangaji angeonyesha risiti yake moja tu, na barua nzima ingetiliwa shaka.

Na garanti ya miezi 3, dola 180? Wapangaji wengi husema mwenye nyumba aikate humo. Garanti si kodi ya kulipwa mapema. Inahesabiwa mpangaji anapotoka. Mzee hakuipunguza kwenye deni.

Tarehe ndiyo watu huidharau zaidi. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado inatumika Kongo, inataka kwa kawaida mdaiwa aonywe kwanza ndipo ahesabiwe kuwa amechelewa. Onyo lisilosema deni gani, la miezi gani, halimwonyi mtu jambo lolote. «Ulipe haraka» haihesabiki mbele ya hakimu. «Siku 15 tangu kupokea barua hii» inahesabika, mradi mpokeaji aweke sahihi na tarehe kwenye kopi inayobaki kwa mwenye nyumba. Bila kopi hiyo, mpangaji anaweza kusema hakuona barua.

Mama alitaka pia iandikwe kwamba vitu vitatupwa nje. Mzee alikataa: kufukuza mpangaji ni kazi ya tribinali, na mwenye nyumba anayefunga mlango kwa nguvu anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Alichoandika ni kwamba, siku hizo 15 zikipita, kesi itapelekwa kwanza kwenye ofisi ya makao kwa ajili ya mapatano.

Mama aliondoka bila barua. Nambari ya simu ya mwalimu iko kwa mtoto wake, na mwezi halisi wa malipo ya mwisho utatafutwa kwenye daftari lingine, la nyumbani.