Simu ya Mgeni Isiione Printa

Ilianza na kadi za michango ya harusi. Katika ofisi moja ya uhasibu mjini Morogoro, yenye wafanyakazi tisa na printa mbili, mteja aliyekuwa akisubiri aliomba nywila ya waifai, akapewa. Punde printa ya chumba cha hesabu ikaanza kutema kadi, moja baada ya nyingine. Simu ya mteja ilikuwa imeiona printa, naye akabonyeza akidhani anahifadhi faili. Ofisi nzima ilicheka isipokuwa mhasibu mkuu. Aliwaza kuwa simu iliyoifikia printa inaweza kuzigongea hodi pia kompyuta zenye hesabu za wateja. Kesho yake nikaitwa.

Swichi ikitoka dukani, poti zake zote zimo katika VLAN namba 1, yaani wote mmewekwa ukumbi mmoja. Kuunda VLAN nyingine ni kuigawa swichi hiyo moja ifanye kazi kama swichi kadhaa zisizojuana. Sharti lake ni swichi yenye mipangilio. Zile za kuchomeka na kusahau haziwezi.

Niliunda tatu: 10 ya wafanyakazi, 20 ya wageni na 30 ya printa. Kinachotenganisha ni namba, wala si jina. Data inapovuka kutoka swichi hadi swichi hubandikwa lebo ya baiti 4, kwa kufuata kiwango cha 802.1Q kilichotolewa na IEEE mwaka 1998, na lebo hiyo hubeba namba, wala haibebi jina. Jina hubaki ndani ya swichi. Ukiandika WAGENI chini na GUEST ghorofani, namba zikiwa 20 kote, kazi inakwenda. Ukiandika WAGENI kote, lakini huku 20 na kule 200, haiendi.

Basi jina ni la fundi atakayekuja baada yako. Meneja alitaka tuziite JUU na CHINI, nikakataa: watu huhama vyumba, ila printa hubaki printa. Namba nazo nilizioanisha na anwani, VLAN 30 ikapewa 192.168.30.x, ili anayesoma anwani ajue kifaa kiko upande gani.

Kwenye swichi kubwa, ya Cisco, maagizo yalikuwa haya:

```
vlan 10
 name WAFANYAKAZI
vlan 20
 name WAGENI
vlan 30
 name PRINTA
interface FastEthernet0/8
 switchport mode access
 switchport access vlan 30
interface GigabitEthernet0/1
 switchport mode trunk
 switchport trunk allowed vlan 10,20,30
```

Poti ya 8 ni ya printa ya kwanza. Ile ya mwisho ni tranki: kebo moja iendayo swichi ya ghorofani ikibeba VLAN zote tatu, kila moja na lebo yake. Kifaa cha waifai nacho huhitaji tranki, kwa sababu hurusha majina mawili, la wafanyakazi na la wageni.

Kuta zimesimama, sasa milango. Anayepitisha data kati ya VLAN ni ruta, na hapa wengi huteleza: ruta nyingi ukizipa VLAN tatu huzifungulia njia zote, mgeni akarudi palepale kwenye printa. Nikaandika kwamba wageni waende intaneti tu, wafanyakazi wazifikie printa, na printa zijibu bila kuanzisha mazungumzo na yeyote.

Asubuhi iliyofuata wafanyakazi wakalalamika kuwa printa zimepotea. Hazikupotea. Printa hujitangaza kwa wito usiovuka ruta, kwa hiyo kompyuta za VLAN 10 hazikuusikia. Nilizipa printa anwani zisizobadilika, 192.168.30.11 na 192.168.30.12, nikaziingiza kwenye kila kompyuta kwa mkono. Kwa wanaochapisha kwa simu, ruta yao ilikuwa na kipengele cha kurudia wito huo upande wa pili. Nikakiwasha kati ya 10 na 30 tu.

Printa ya ghorofani ndiyo iliyonila saa nzima. Swichi ya huko ni ya bei nafuu, hupangwa kwa kivinjari. Nilikuwa nimeiingiza poti katika VLAN 30, lakini printa ikang'ang'ania anwani inayoanza na 169.254, dalili kwamba haikupata wa kuipa anwani. Kwenye swichi za aina hiyo kuna kisanduku kingine, PVID, kinachoamua data inayoingia kwenye poti iwekwe VLAN gani, na chetu kilibaki 1. Nilipoandika 30, printa ikaamka.

Ukimaliza yako, unganisha simu kwenye waifai ya wageni na uandike anwani ya printa kwenye kivinjari. Ukurasa wa printa ukifunguka, rudi kwenye ruta.