Kiti Kimoja cha Rangi Tofauti

Anayekwenda kutafuta sofa Keko jijini Dar es Salaam, au kwa mafundi wa kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, mara nyingi hutajiwa bei ya seti nzima: kochi la watu watatu, la watu wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja, yote ya kitambaa kimoja. Seti ikishaingia ndani, rangi moja inatanda pande zote za sebule. Wapo wapambaji wanaowashauri wateja wachukue lile la watatu na la wawili tu, kisha fedha ya yale madogo itengeneze kiti kimoja cha namna nyingine, chenye rangi au kitambaa chake, cha kuichangamsha sebule.

Ushauri ni mzuri, lakini hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anapenda kiti chekundu dukani, anakileta nyumbani, na baada ya wiki anaona kila anayeingia anakitazama chenyewe tu. Mara nyingi lawama inaangukia rangi, wakati tatizo limeanzia kwenye ukubwa.

Watu wa pwani waliliweza jambo hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, zenye kuta nene zilizopakwa chokaa nyeupe, palikuwa na kiti cha enzi: kiti kirefu cha mbao nyeusi, mgongo umenyooka, kimenakshiwa kwa vipande vya mfupa au pembe. Kiti cheusi kwenye chumba cheupe ni tofauti kubwa kuliko kochi jekundu kwenye sebule ya kahawia. Hata hivyo hakielemei chumba, kwa kuwa kitako na mgongo wake vimesukwa kwa kamba nyembamba, mwanga unapenya, na ukuta wa nyuma unaonekana. Rangi ni nzito, umbo ni jepesi.

Tuchukue sebule ya kawaida ya mjini, mita 4.2 kwa 3.6. Kuta ni za rangi ya maziwa, sakafu ni vigae vyeupe, makochi ni ya kahawia. Kapeti nalo ni la kahawia, lakini lina mstari mwembamba wa buluu pembeni. Kati ya meza ya televisheni na dirisha pamebaki nafasi ya sentimita 160, na hapo hapo ndipo watu wanapopita kwenda vyumbani. Mtu mzima aliyebeba sinia anahitaji njia ya sentimita 75 hadi 90. Kochi la mtu mmoja kutoka kwenye seti huwa na upana wa karibu sentimita 100, kwa sababu mikono yake ni minene. Likiwekwa pale, inabaki 60, na watu watapita kiubavu. Kiti chenye mikono myembamba ya mbao, upana sentimita 72, kinaacha 88.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kutandika magazeti sakafuni kwa kipimo cha kiti na kuyaacha siku nzima. Wanafamilia wakiyakanyaga kila wanapopita, mahali hapo si pa kiti.

Kimo nacho kisisahaulike. Ikiwa kitako cha kochi kiko sentimita 43 kutoka sakafuni, cha kiti kisitofautiane nacho sana. Ikizidi sentimita tano hivi, mgeni aliyekalia kiti ataonekana anawahutubia wenzake. Miguu ya wazi, sentimita 15 au zaidi, inaonyesha sakafu chini ya kiti na kukipunguzia uzito machoni. Tena fagio linapita.

Sasa rangi. Katika sebule hii jibu liko sakafuni tayari: ule mstari wa buluu kwenye kapeti. Kiti kikiichukua buluu hiyo, ikawa nzito kidogo na isiyong'aa sana, kitaonekana ni mwenyeji. Kisha mto mmoja wenye buluu uwekwe kwenye kochi la upande wa pili, ili jicho lisikwame kona moja. Mmoja unatosha. Ikija mito minne, pazia na chombo cha maua, vyote vya buluu, kiti hakina tena kazi, sebule imegeuka sare ya shule.

Kitambaa kisichaguliwe kwa kile kipande kidogo cha kwenye kitabu cha sampuli. Inunuliwe nusu mita, itandazwe mahali kiti kitakapokaa, itazamwe asubuhi, mchana na hasa usiku. Taa nyeupe kali inaipausha rangi ya haradali au ya kutu ikaonekana imechoka, na taa ya manjano inaizimisha buluu ikakaribia kijivu. Familia nyingi hukaa sebuleni usiku, kwa hiyo usiku ndio unaoamua.

Kama mapazia tayari ni ya maua, rangi mpya haihitajiki sana. Hapo kiti kinaweza kuwa cha rangi ile ile ya makochi, kikajitofautisha kwa mguso: jinsi nzito, kitani, au mgongo wa ukili uliosukwa. Sebule ya vigae, meza ya kioo na makochi ya ngozi bandia imejaa vitu vinavyong'aa, na kitambaa kisichorudisha mwanga kinaituliza.

Mahameli inapendwa sana kwa kazi hii, ila ina mtego wake. Nyuzi zake zimelalia upande mmoja: ukipitisha kiganja kuelekea zinakolala panakuwa laini na rangi inafifia, ukirudisha kinyume rangi inakoza. Fundi anayebana kitambaa anaweza kukata kipande cha mgongo kwa urefu na cha kitako kwa upana, na kiti kikatoka kama kimeshonwa kwa vitambaa viwili tofauti. Mteja amwombe achore mshale wa chaki nyuma ya kila kipande kabla ya kukata, mishale yote ikielekea upande mmoja.

Kitenge nacho kinavutia, hasa kile cha michoro mikubwa. Lakini ni pamba nyembamba iliyokusudiwa nguo. Kikivutwa juu ya sponji bila kitambaa kigumu chini yake, hulegea na kuchanika kwenye kona, na karibu na dirisha hupauka. Kinadumu zaidi kikiwekwa kwenye mgongo wa kiti, huku kitako kikipewa kitambaa kizito cha rangi moja iliyomo ndani ya kitenge hicho. Mchoro mkubwa unatakiwa uangukie katikati ya mgongo, na hilo linakula kitambaa: fundi anayesema mita mbili zinatosha aulizwe ua litakaa wapi.

Kwa anayetengenezesha, siku muhimu ni ile fremu inapokuwa bado mbao tupu. Aende na futi, apime upana kutoka nje ya mkono mmoja hadi nje ya mwingine, maana fundi akiambiwa 72 anaweza kuchukua ni kitako peke yake. Akumbuke pia kwamba sponji na kitambaa vitaongeza sentimita kadhaa kwenye mikono ikiwa nayo inafunikwa. Kisha akalie fremu na kuegemea pembeni, kushoto na kulia. Ikilia au ikicheza wakati huu, gundi na skrubu bado zinaweza kuongezwa; ikishavalishwa, kuirekebisha ni kuibambua upya.