Ini Lenye Mafuta: Namba Ipi Inazungumzia Kovu?

Mgonjwa anatoka kupigwa ultrasaundi akiwa na karatasi iliyoandikwa "ini lenye mafuta, daraja la 2", akidhani yuko nusu ya njia kuelekea sirosisi. Sivyo. Daraja hilo, la 1 hadi la 3, linaeleza wingi wa mafuta tu. Kinachoamua hatima ya ini ni makovu, nayo yana vipimo vyake.

Ini huhesabiwa kuwa na mafuta yanapoonekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake, mara nyingi kwa sababu ya unene, kisukari au pombe. Wengi huishia hapo. Kwa baadhi, mafuta huchokoza ini, seli zinavimba na kufa, na mwili unaziba mapengo kwa nyuzi ngumu. Makovu hayo hupangwa kuanzia F0, yaani hakuna, hadi F4. Katika F3 yameanza kuungana kutoka upande mmoja hadi mwingine. F4 ndiyo sirosisi, ini likiwa limejaa vinundu. Hata hapo mtu anaweza kukaa miaka bila dalili. Tumbo kujaa maji, macho ya manjano au kutapika damu ni ishara kwamba ini limeelemewa.

Daktari huanza na hesabu rahisi iitwayo FIB-4, inayotumia vitu vinne: umri, vimeng'enya viwili vya ini na chembe sahani za damu.

```
FIB-4 = (umri × AST) / (chembe sahani × √ALT)
```

Tuchukue mtu wa miaka 50 mwenye AST 54, ALT 36 na chembe sahani 250. Jibu ni 1.8. Chini ya 1.3, makovu makubwa hayatarajiwi. Juu ya 2.67, yanashukiwa sana. Huyu yuko katikati, kwa hiyo hupelekwa kwenye mashine inayopima ugumu wa ini, akiwa hajala kwa saa tatu. Ikisoma chini ya kPa 8, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Zaidi ya 12, daktari wa ini anahitajika.

Angalieni mtego. Mtu huyohuyo akipimwa akiwa na malaria, chembe sahani zikashuka hadi 100, FIB-4 inaruka hadi 4.5 ingawa ini halijabadilika. Kichocho kilichovimbisha bandama nacho hushusha chembe hizo. Umri pia unapotosha: kwa walio chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki, na kwa waliozidi 65 mpaka wa chini hupandishwa hadi 2. Tena, FIB-4 ya 4 si F4. Ya kwanza ni kiwango cha shaka, ya pili ni hatua ya kovu.

Kovu lisilofika mbali linaweza kurudi nyuma. Kwa mnene wa kilo 90, kupunguza kilo 9 ndicho kiwango ambacho makovu yameonekana kupungua.