Hesabu Pumzi Dakika Nzima

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mzazi wa siku nne aliingizwa wodini kwetu akiwa ameshikwa huku na huku, mama mkwe upande mmoja, wifi yake upande wa pili. Nilimwamkia mama mkwe, akaitikia marahaba, na kabla sijauliza lolote akasema: "Mwanangu, huyu malaria imempanda kichwani. Tangu alfajiri anamwita mama yake, na mama yake tulishamzika." Nyumbani walikuwa wamempa dawa ya mseto. Siku mbili kabla ya hapo walimnunulia vidonge vya amoksilini dukani, kwa sababu tumbo la chini lilikuwa linamuuma na uchafu unaomtoka ulianza kunuka.

Kipimo cha haraka cha malaria kilitoka hasi. Joto lilikuwa nyuzi 38.4, homa ya kawaida tu kwa macho ya wengi. Mapigo ya moyo 128 kwa dakika, presha 88 kwa 50. Kwenye karatasi ya rufaa aliyokuja nayo kutoka zahanati, mahali pa kuandika pumzi, paliandikwa 20.

Hiyo ishirini naijua. Fungua mafaili kumi ya wodi yoyote utaikuta kwenye manane, maana ndiyo namba inayoandikwa na mtu ambaye hakupata muda wa kuhesabu. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka mingi, na ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu cha kumtambua mapema mgonjwa wa sepsisi, ningechagua kukaa kitandani kwake na kuhesabu kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima, bila kumwambia kwamba namhesabu. Mzazi yule alikuwa na pumzi 32. Mtu mzima aliyetulia huwa na kati ya 12 na 20.

Wengi wetu tumezoea kuita ugonjwa huu "sumu kwenye damu", na jina hilo linatupoteza kidogo. Wapo wagonjwa wengi wa sepsisi ambao damu yao ikioteshwa maabara haioti kitu. Tangu mwaka 2016 wataalamu wanaielewa hivi: sepsisi ni pale mwili unapopambana na maambukizi kwa namna iliyovuka mpaka, mpaka viungo vyenyewe vinaanza kushindwa kazi. Maambukizi yanaweza kuwa kwenye kizazi, kwenye mapafu, kwenye figo au kwenye kidonda cha mguu. Kinachomwangusha mgonjwa kinatokea mbali na hapo, kwenye mishipa midogo ya damu ya mwili mzima.

Mfikirie mtu anayemwagilia bustani kwa mpira. Bakteria walio kwenye kizazi hukutana na seli nyeupe za damu, nazo hutoa kemikali za kuita wenzao. Kemikali hizo zikibaki palepale, hufungua mishipa ya eneo lile ili msaada ufike. Zikimwagika mwili mzima, kila mpira unatanuka kwa wakati mmoja, kwa hiyo presha inashuka ingawa maji ni yaleyale. Kisha kuta zake zinapata vitundu, maji ya damu yanavujia kwenye nyama na kwenye mapafu. Mwishowe, kwenye ncha kabisa za mipira, damu inaganda vipande vidogovidogo na kuziba. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na miguu iliyovimba huku figo zake zinakaukiwa. Maji yapo mwilini, ila hayapo kwenye mishipa.

Seli zinazokosa oksijeni, au zinazoshindwa kuitumia hata inapofika, hulazimika kutengeneza nguvu kwa njia ya dharura inayoacha asidi nyuma yake. Mwili huipunguza makali asidi hiyo kwa kupumua haraka na kutoa hewa chafu kwa wingi. Kwa hiyo pumzi zinaweza kupanda hata kama mapafu hayana tatizo lolote, na mara nyingi hupanda kabla presha haijashuka, hasa kwa mtu kijana kama mzazi huyu ambaye moyo wake bado una nguvu za kufidia. Ubongo nao hauvumilii upungufu. Kumwita mama aliyefariki hakukuwa malaria ya kichwani. Kilikuwa kiungo cha kwanza kuonyesha kwamba kinashindwa.

Zipo dalili tatu ambazo mtu anaweza kuzipima bila maabara: pumzi 22 au zaidi kwa dakika, presha ya juu iliyofika 100 au chini yake, na akili iliyobadilika. Mwenye maambukizi akiwa na mbili kati ya hizo, hatari yake ni kubwa. Kutokuwa nazo hakumpi mtu cheti cha usalama, na joto pia lisikudanganye, kwani wapo wanaopoa hadi chini ya nyuzi 36, nao huwa na hali mbaya kuliko wenye homa. Mzazi wetu alikuwa nazo zote tatu. Nilibonyeza ncha ya kidole chake kwa nguvu hadi ikapauka, nikahesabu kwa sekunde 10, nikaachia. Rangi ilitakiwa kurudi ndani ya sekunde 3. Ilichukua 5.

Saa nne na dakika ishirini na tano tulikuwa tumeshapata mishipa miwili. Hapa ndipo watu wengi hukimbilia sindano ya dawa, na naelewa kwa nini. Lakini damu ya kuotesha huchukuliwa kwanza, kwa sababu dozi moja tu ya antibiotiki inatosha kuwazuia bakteria wasiote kwenye chupa, ingawa bado wapo mwilini. Ngozi husafishwa kwa spiriti, kisha unasubiri ikauke yenyewe; kuipangusa kwa pamba kunarudisha uchafu. Tunachukua sehemu mbili tofauti za mwili, kiasi cha mililita 10 kwa kila chupa, kwani kwa mtu mzima bakteria kwenye damu ni wachache na kidamu kidogo kinaweza kuwakosa. Sehemu mbili zina sababu yake pia. Chupa moja ikiota bakteria wa ngozi na nyingine ikabaki safi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni uchafu ulioingia wakati wa kuchoma. Zikiota kitu kimoja zote mbili, hapo ni ugonjwa.

Na kama chupa hazipo, au mshipa umegoma? Basi dawa haisubiri. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unasema mgonjwa ambaye presha imeanguka apate antibiotiki ndani ya saa moja tangu atambuliwe. Kwa yule ambaye presha yake imesimama na hatuna uhakika kama ni maambukizi, tunaruhusiwa hadi saa tatu za kuchunguza, ili tusimchome kila mwenye homa dawa kali. Mzazi wetu hakuwa na saa tatu. Saa nne na dakika thelathini na tano alikuwa amepata klindamaisini na gentamaisini kwenye mshipa, dawa ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza kwa maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua. Daktari alijua gentamaisini inaweza kuumiza figo, akaikubali hatari hiyo kwa siku za mwanzo.

Sasa dripu. Kwetu dripu ina heshima yake. Ndugu wakiona chupa inaning'inia, wanapumua, na wakiona imeisha wanauliza nyingine iko wapi. Uzito wa mzazi ulikuwa kilo 60, na mwongozo unapendekeza mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu za mwanzo, yaani lita 1.8 kwake. Hatukuyamwaga yote. Tulimpa Ringa mililita 500 kwa takriban dakika ishirini, tukasimama, tukasikiliza mapafu, tukahesabu pumzi, tukabonyeza kidole. Kisha 500 nyingine, na nyingine.

Uangalifu huu tumeufundishwa na watoto wa Afrika Mashariki. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti ulioongozwa na Kathryn Maitland katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi, Mulago na Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri waligawanywa, wengine wakapewa maji mengi kwa haraka, wengine yale ya kawaida ya polepole. Kila mtu alitarajia maji ya haraka yaokoe. Kufikia saa 48, vifo vilikuwa karibu asilimia 10.5 kwa waliopewa maji ya haraka na asilimia 7.3 kwa wasiopewa. Mwaka 2017 ukatoka utafiti wa Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI: waliohudumiwa kwa utaratibu wa maji mengi walifariki asilimia 48, na wa huduma ya kawaida asilimia 33. Rudi kwenye mpira wenye vitundu. Ukiujaza kwa nguvu, maji yanavujia kwenye mapafu, na kama hakuna mashine ya kupumulia, mgonjwa anazama kitandani. Haya hayamhusu mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara. Wenye kuhara hawakuingizwa kwenye utafiti ule, na yeye maji anayahitaji kweli.

Baada ya lita moja na nusu, presha ya mzazi ilifika 98 kwa 58, kidole kikarudisha rangi kwa sekunde 3, pumzi zikashuka hadi 26. Tuliacha hapo. Kama presha isingepanda, hatua iliyofuata ingekuwa noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa iliyolegea, wala si chupa nyingine.

Mkojo ndio ulioniweka macho. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Kwenye mfuko wa katheta, saa ya kwanza tulipata 15, za rangi ya chai kavu. Kipimo cha picha kilionyesha kipande cha kondo la nyuma kimebaki kizazini, na saa nane mchana akasafishwa. Hakuna antibiotiki inayofanya kazi vizuri juu ya nyama iliyokufa, kwa sababu damu inayoibeba dawa haifiki humo. Jioni mfuko ulisoma 20 kwa saa. Alfajiri ulisoma 45, na yeye akauliza mtoto yuko wapi.

Siku ya tatu maabara walituma majibu: chupa zote mbili zimeota bakteria aina ya E. koli, wasiosikia amoksilini wala seftriaksoni, lakini wanaosikia gentamaisini na meropenemu. Vile vidonge vya dukani havikuwa vimewagusa. Kreatinini ya damu, inayoonyesha figo zinavyochuja, ilikuwa bado juu, kwa hiyo daktari akaachana na gentamaisini na kumhamishia kwenye meropenemu. Bila chupa zile za saa nne na nusu, tungekuwa tunabahatisha hadi siku ya mwisho.

Aliruhusiwa siku ya kumi, akiwa bado anachoka kwa kutembea hadi mlangoni. Mama mkwe aliniuliza atamjuaje kama hali inarudi. Tulikaa kwenye benchi, akatoa simu yake yenye saa, akamtazama mkwewe kifuani, midomo ikihesabu kimyakimya. "Kumi na nane," akasema. Nami nilikuwa nimehesabu kumi na nane.